Gari linalala wapi? Maswali ya bima ya gari tunayoulizwa Dodoma

Ninauza bima za magari hapa Dodoma. Kabla ya hapo nilikaa miaka sita kwenye chumba cha takwimu cha kampuni ya bima, kazi yangu ikiwa kupanga madai kimkoa na kutafuta bei inayotosha kuyalipa. Maswali haya yanaletwa mezani kwangu karibu kila wiki, hasa na watumishi waliohamia huku kufuata wizara zao na watu wenye ndugu nje ya nchi. Hesabu za kampuni utakazoziona hapa ni mifano niliyoitengeneza, ili uweze kuzipiga mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Viwango vya TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, na sheria ninazozitaja ni za kweli.

Mdogo wangu yuko Uingereza. Amehama nyumba tu, gari ni lile lile, leseni ni ile ile, na ada ya bima imepanda. Ameibiwa?

Hajaibiwa. Kule, unapoomba bei ya bima ya gari, postikodi ya mahali gari linapolala ni moja ya mambo ya kwanza kuulizwa, na postikodi moja ya Uingereza inabeba nyumba kumi na kitu tu. Marekani wanauliza zipu kodi. Afrika Kusini wanataka kujua gari linalala wapi usiku, na kama ni ndani ya geti au barabarani. Mdogo wako hakubadilika kama dereva, ila ametoka kwenye kundi moja la magari akaingia kundi jingine, na ada yake sasa inasomwa kutokana na madai ya majirani wapya.

Hapo ndipo watu wengi hukasirika: "Majirani wamegonga, mimi nalipa?" Ndiyo, na hata kabla ya kuhama alikuwa analipa hivyo hivyo. Bima yote iko hivyo.

Kwa nini iwe hivyo? Kampuni si inanikatia bima mimi?

Fikiria chama cha kuzikana cha mtaa. Hakuna anayejua msiba utaingia nyumba gani mwaka huu, lakini mzee wa chama aliyekaa na daftari miaka kumi anaweza kukuambia kwa karibu sana misiba itakuwa mingapi. Ya mtu mmoja hayatabiriki, ya mtaa mzima yanatabirika. Kampuni ya bima inauza huo utabiri wa wengi.

Ukubwa wa chungu cha pamoja, yaani idadi ya wanaochangia, una uzito wake, na unaweza kuuhesabu. Tuseme katika kila magari 100, magari 8 huleta dai kwa mwaka. Ukiwa na magari 100 tu, unategemea madai 8, lakini kwa bahati tupu, bila mtu yeyote kuendesha vibaya kuliko mwaka jana, kuyaona 5 au 11 ni jambo la kawaida kabisa. Yaani mwaka mmoja unabakiza fedha, mwaka unaofuata unakopa. Ukiwa na magari 10,000, unategemea madai 800, na mabadiliko ya kawaida ni kama 27 juu au chini. Kutoka kuyumba kwa theluthi moja umefika kuyumba kwa asilimia tatu na ushee. Barabara ni zile zile na madereva ni wale wale. Kilichopungua ni kubahatisha.

Ukishajua hivyo, bei ya msingi ni kugawanya. Madai yote ya mwaka ukiyagawa kwa magari yote, unapata kiasi ambacho kila gari lingechangia ili madai yalipwe na chungu kibaki kitupu. Juu yake kampuni inaweka gharama za ofisi, kamisheni ya wakala kama mimi, bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni yenyewe hujikatia kwa kampuni nyingine, na faida yake. Kama shilingi 65 katika kila 100 ndizo zinazokwenda kwenye madai, basi gari lenye mchango wa msingi wa 234,000 litatozwa kama 360,000. Ishike hiyo 234,000, tutairudia.

Basi si wote walipe sawa, kama kwenye chama cha kuzikana?

Chama cha kuzikana kinaweza, kwa sababu wanachama wanajuana na kuondoka ni aibu. Lakini hata huko nimeona ugomvi. Nyumba ya watu wawili vijana inachangia sawa na nyumba yenye watu kumi na wanne, wazee watano ndani yake. Mwaka wa kwanza wanavumilia. Mwaka wa tatu wale wawili wanaacha kuchangia, na wenzao wenye nyumba ndogo wanawafuata. Wanaobaki ni wale wenye misiba mingi, mchango unapanda, na kupanda kwake kunafukuza wengine tena.

Kwenye bima hakuna aibu ya kuondoka. Kampuni A ikitoza wote sawa, na kampuni B ikawapa bei ndogo madereva wenye madai machache, mwaka unaofuata A itabaki na wale wenye madai mengi kwa bei iliyotengenezwa kwa mchanganyiko. Nimeiona hali hiyo kwenye daftari: idadi ya wateja inashuka kidogo tu, lakini wastani wa madai kwa gari unapanda kila mwaka, na hakuna ajali mpya ya ajabu ya kuielezea. Ukiona hivyo, ujue wazuri wanaondoka kimya kimya.

Ndiyo maana chungu kimoja hugawanywa kwa vigezo: aina ya gari, thamani yake, matumizi yake kama ni binafsi au ya biashara, umri na uzoefu wa dereva, madai aliyowahi kuleta, na mahali gari linapolala. Kigezo hakitabiri kwamba wewe utagonga. Kinasema tu kwamba magari yanayofanana na lako katika jambo hili yameleta madai kwa kiasi hiki.

Mahali hubadilisha nini hasa?

Hubadilisha vitu viwili, na kosa la kawaida ni kuviona kama kimoja. Cha kwanza ni mara ngapi madai yanatokea. Cha pili ni kila dai linagharimu kiasi gani. Mchango wa msingi ni kimoja mara kingine.

Mara ngapi ni suala la msongamano. Gari linalopita kila asubuhi kwenye foleni ndefu ya Dar es Salaam linagusana na bajaji, bodaboda na daladala mara nyingi kuliko gari linalotoka Ilazo kwenda Mtumba. Wizi nao unaingia hapa: vioo vya pembeni, taa, redio, au gari lenyewe. Geti, mlinzi na mtaa wenye taa hushusha namba hii.

Gharama ya dai moja hufuata njia nyingine, na hapa Dodoma inaweza kuwa juu hata pale ambapo ajali ni chache. Nitakueleza ya mteja wangu mmoja, mama mwalimu wa Nkuhungu mwenye IST. Ng'ombe aliingia barabarani jioni upande wa Chamwino, akapiga bampa na taa ya kushoto. Gari lingekuwa Dar, fundi angetuma kijana Kariakoo na kabla ya adhuhuri taa imefika, tena kwa kuchagua kati ya maduka matatu. Huku kwanza alipata taa moja tu mjini, ya bei ya juu. Tukaagiza Dar ikaja kwa basi, ikafika ikiwa ya modeli ya mwaka mwingine, masikio ya kufungia hayakulingana. Ikarudishwa, ikaletwa nyingine. Kwa siku zote hizo gari limelala gereji, na breakdauni iliyolivuta kutoka barabara kuu ilitoza kwa kilomita. Kuvunjika kulikuwa kule kule, lakini bili ilitoka kubwa zaidi.

Ukali wa ajali nao upo. Kugongana kwenye foleni hukwaruza bampa. Kukwepa ng'ombe au pikipiki isiyo na taa kwenye barabara ya Morogoro, gari likiwa kasi, hupindua.

Ajali yangu ilitokea Gairo, mkoa wa Morogoro. Inahesabiwa ya wapi?

Ya Dodoma, kama gari linalala Dodoma. Takwimu za bei hufuata gari linapolala, maana hilo ndilo jambo pekee linalojulikana siku unapokata bima. Siku hiyo hakuna ajuaye utagongwa wapi.

Kwa hiyo "hatari ya Dodoma" kwenye daftari la bima inabeba pia safari za watu wa Dodoma. Watumishi wengi waliohamia wameacha familia Dar. Ijumaa mchana wanaondoka, Jumapili usiku wanarudi, kilomita 450 hivi kila upande, wengine wakiendesha wamechoka. Madai ya safari hizo yanaandikwa Dodoma hata kama gari lilipinduka mbali na hapa. Ukiwa unaitafuta bei ya Dodoma kwa kuangalia makutano ya mjini peke yake, utashangaa kwa nini madai ni makubwa kuliko unayoyaona mtaani.

Basi tupe jibu: Dodoma ni nafuu kuliko Dar?

Tupige hesabu tuone inavyokwenda, kwa kampuni yangu ya mfano yenye magari binafsi 20,000 nchi nzima, yote ya bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe.

Kwa mwaka, nchi nzima imeleta madai 1,800, wastani wa shilingi 2,600,000 kila dai. Jumla ni bilioni 4.68, na ukigawa kwa magari 20,000 unapata ile 234,000 kwa gari.

Kati ya magari hayo, 1,500 yanalala Dodoma. Yameleta madai 90, yaani 6 katika kila 100, wakati nchi nzima ni 9 katika kila 100. Lakini wastani wa dai la Dodoma ni 3,100,000, juu ya ule wa nchi, kwa sababu nilizozieleza: spea za kuagiza na ajali za barabara kuu. Jumla ni milioni 279, sawa na 186,000 kwa gari.

Kwa hiyo uhaba wa ajali umeshinda ughali wa matengenezo. Dodoma ni kama asilimia 80 ya wastani wa nchi. Mtu mwenye haraka angesema: wapunguzieni watu wa Dodoma asilimia 20 leo leo. Mimi mwenyewe, mwezi wangu wa kwanza kwenye chumba cha takwimu, niliandika pendekezo la aina hiyo kwa mkoa mwingine, na bosi wangu akanirudishia karatasi akiwa ameandika swali moja tu pembeni: "Madai mangapi?"

Swali hilo lilikuwa na maana gani?

Lilikuwa na maana kwamba madai 90 ni machache mno kuaminiwa peke yake. Tulishaona kwamba chungu kidogo kinayumba. Kama mwaka huu ni 90, mwakani yanaweza kuwa 80 au 100 bila chochote kubadilika barabarani.

Wataalamu wa takwimu bima wana namba wanayoitumia tangu zamani: madai 1,082. Kikundi kikifikisha madai hayo, mara tisa katika kumi idadi uliyoiona haitapotoka kwa zaidi ya asilimia 5 kutoka kwenye ukweli. Hapo kikundi kinaruhusiwa kujisemea chenyewe. Kikiwa na machache, kinapewa sehemu ya sauti, na sehemu iliyobaki inasemwa na nchi nzima. Sehemu yenyewe unaipata kwa kugawa madai yaliyopo kwa 1,082, kisha kutafuta kipeuo cha pili cha jibu:

```
sauti ya Dodoma = √(90 / 1082) = 0.29
kiwango = 0.29 × 0.795 + 0.71 × 1 = 0.94
0.94 × 234,000 = 220,000 (takribani)
```

Hiyo 0.795 ni 186,000 kugawa kwa 234,000, na hiyo 1 ni wastani wa nchi. Yaani takwimu za Dodoma zilidai punguzo la asilimia 20, lakini ushahidi uliopo unatosha kulipa punguzo la asilimia 6 tu. Miaka ikiongezwa na madai yakafika mia tatu au mia nne, sauti inapanda zaidi ya nusu, na kama hali ni ile ile punguzo linakua.

Nadhani hili ndilo jambo muhimu kuliko yote katika ukurasa huu, na ndilo lisiloelezwa kaunta. Mkoa wenye magari machache ya bima kubwa hauwezi kupata bei yake halisi haraka, hata kama madereva wake ni waangalifu. Dar ina madai ya kutosha kujisemea. Singida na Dodoma zinaazima sauti ya wengine.

Si mnaogopa tu? Madai 90 ni mengi.

Basi tuongeze dai moja. Landkruza ya milioni 90 imepinduka karibu na Kibaigwa, haifai tena, inalipwa yote. Milioni 279 zinakuwa milioni 369. Gawa kwa magari 1,500: shilingi 246,000 kwa gari. Dodoma iliyokuwa nafuu kuliko nchi kwa asilimia 20 sasa imekuwa ghali kuliko nchi, kwa sababu ya gari moja na usiku mmoja. Kama ungepunguza bei Januari kwa takwimu za mwanzo, ungelazimika kuipandisha mwakani, na wateja wangekuuliza wamekosa nini.

Dawa inayotumika ni kukata dai kubwa juu ya kiwango fulani kabla ya kulinganisha mikoa. Tukikata kwenye milioni 30, Dodoma inabeba milioni 30 za Landkruza ile: jumla milioni 309, sawa na 206,000 kwa gari, bado chini ya nchi. Milioni 60 zilizobaki wanazigawana magari yote 20,000, shilingi 3,000 kila moja. Mwenye Landkruza analipwa zote. Kinachokatwa ni namna tunavyouhesabu mkoa, fidia yake haiguswi.

Watu wa Dodoma wanamiliki magari ya serikali na ya gharama. Si ndiyo sababu ya madai makubwa, badala ya mahali?

Umeuliza kama mtu wa ndani ya fani. Magari ya serikali tuyaweke pembeni, tunaongea ya watu binafsi. Lakini ni kweli: kama mkoa una magari mengi makubwa ya bei kubwa, wastani wa dai utapanda hata kama barabara ni salama. Ukimtoza mtu kwa sababu gari lake ni ghali, halafu ukamtoza tena kwa sababu anaishi mahali penye magari ghali, umemtoza mara mbili kwa jambo moja.

Kwa hiyo ulinganisho sahihi ni IST ya Dodoma na IST ya Dar, matumizi yale yale, dereva wa umri ule ule. Kinachobaki baada ya kusawazisha hayo ndicho cha mahali. Mara nyingi kinachobaki ni kidogo kuliko kilichoonekana mwanzo.

Mji unakua. Takwimu za miaka mitano iliyopita zinatufaa?

Zinafaa kwa tahadhari. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, lakini msukumo wenyewe ulianza 2016, na 2018 Dodoma ikawa jiji. Magari yaliyoongezeka tangu hapo hayamo kwenye daftari la 2015. Treni ya umeme ya SGR ilianza kuleta abiria kutoka Dar mwaka 2024, na mteja aliyekuwa anaendesha gari kila Ijumaa huenda sasa analiacha chini ya mwembe nyumbani. Jambo la kwanza linaongeza mgongano wa mjini, la pili linaweza kupunguza ajali za barabara kuu. Mpanga bei mzuri huipa miaka ya karibuni uzito zaidi, lakini analipa gharama yake: ukitupa miaka ya nyuma, madai yanakuwa machache tena, na unarudi kwenye tatizo la sauti.

Mbona basi bima ndogo ni bei moja, niko Kondoa au niko Kinondoni?

Kwa sababu hapa Tanzania bima ndogo, ile ya kufidia watu wengine unaowadhuru, ni ya lazima kisheria, na TIRA imeweka kiwango chake. Gari binafsi ni shilingi 100,000 kabla ya VAT, nchi nzima. Kiwango hubadilika kwa aina ya chombo na matumizi yake, hakibadiliki kwa mkoa.

Hiyo haina maana kwamba hatari ni sawa kila mahali. Maana yake ni kwamba tumeamua kuchangiana. Wenye barabara tulivu wanawasaidia wenye barabara zenye fujo, kimya kimya, ndani ya bei moja. Mimi naona kwa bima ya lazima uamuzi huo una haki yake. Mtu anayegongwa na gari Kondoa anahitaji fidia ile ile kama wa Kinondoni, na usumbufu wa kusimamia bei ishirini na kitu za mikoa ungekula sehemu ya fedha ambazo zingelipa majeruhi.

Na bima kubwa?

Huko kuna nafasi kidogo. Gari binafsi kiwango cha chini ni asilimia 3.5 ya thamani yake. IST ya milioni 12 ni shilingi 420,000 kabla ya VAT. Kampuni inaweza kutoza juu ya hapo, haiwezi kushuka chini yake. Ndiyo maana hata kama hesabu ya Dodoma ingetoka nafuu, mtu aliye kwenye kiwango cha chini tayari hawezi kupewa punguzo la mahali.

Mahali basi hujitokeza pembeni ya bei. Fomu itakuuliza gari linalala wapi na linatumika vipi. Kampuni inaweza kukupandishia ekses, ile sehemu unayojilipia mwenyewe kwenye kila dai, au kukutaka ufunge kifaa cha kulifuatilia gari, au kukataa kubeba wizi wa vifaa kama gari linalala nje. Kwa hiyo unapolinganisha kampuni mbili zenye bei sawa, soma ekses na mambo yasiyolipwa. Tofauti iko humo.

Si ubaguzi kumtoza mtu kwa sababu ya mtaa anaoishi?

Kuna mahali pa kuwa mkali. Mtaa hubeba vitu vingi ndani yake, pamoja na umaskini. Mtu aliyepanga kwenye chumba kisicho na geti, barabara isiyo na taa, hakuchagua hatari hiyo kama anavyochagua kuendesha kasi. Ukiupa mtaa uzito mkubwa, dereva mwangalifu wa mtaa duni analipa kuliko mzembe wa mtaa wa kifahari.

Wapigakura wa Kalifornia walilikabili hilo mwaka 1988. Walipitisha sheria kwamba bei ya bima ya gari itangulize rekodi ya udereva wa mtu, kisha umbali anaoendesha kwa mwaka, kisha miaka yake ya uzoefu. Mahali panaruhusiwa, lakini hapawezi kuwa na uzito kuliko hayo matatu. Mimi naukubali mpangilio huo. Mahali ni ushahidi wa kweli, ila ni ushahidi wa mbali. Anayejua umeendesha miaka kumi bila dai ana ushahidi wa karibu zaidi, na unastahili kusikilizwa kwanza. Kwa hiyo ukiwa hujawahi kudai, omba punguzo la kutodai kwa maandishi, na ukihamia kampuni nyingine nenda na barua ya kuthibitisha.

Naweza kuandika anwani ya shemeji yangu mwenye geti?

Usifanye hivyo. Mkataba wa bima unategemea ukweli uliousema siku ya kwanza. Gari likiibiwa, mkaguzi wa hasara hatauliza shemeji anaishi wapi. Atamuuliza mlinzi wa kwake, na majirani wa kwako, gari hilo hulala wapi. Niliwahi kumsindikiza mteja kwenye mazungumzo ya namna hiyo. Alikuwa ameandika kwamba gari linalala ndani ya uzio, Area D. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alimwambia mkaguzi: "Hilo? Tangu anunue linalala pale kwenye mwarobaini." Dai la vioo na taa lilikataliwa. Alijaribu kujitetea kwamba uongo wenyewe haukumpunguzia hata shilingi kwenye ada, na ilikuwa kweli: alikuwa kwenye kiwango cha chini tangu mwanzo. Alidanganya bure, akapoteza fidia.

Nikishusha thamani ya gari, si ada inashuka?

Inashuka, na fidia inashuka nayo. Gari la milioni 12 ukiliandika milioni 8, likipotea hutalipwa zaidi ya milioni 8.

Nimehama katikati ya mwaka. Nifanye nini?

Iandikie kampuni au wakala wako wiki hiyo hiyo, si siku ya kukata upya. Ujumbe wa simu unatosha kuanzia, lakini dai jibu la maandishi. Taja mambo matatu: gari linalala wapi sasa, limebadilika matumizi au la, na nani mwingine anaendesha. La matumizi ndilo husahaulika. Wengi wakihamia Dodoma huanza kupakia wenzao kwenda Dar kwa nauli ili kusaidia mafuta, na gari la binafsi linalobeba abiria wa kulipa tayari limeingia kundi lingine la hatari, lenye kiwango kingine. Hilo hubadilisha bei yako kuliko kuhama kwenyewe, na ndilo swali ambalo mkaguzi atakuuliza la kwanza ukipata ajali ukiwa na watu wanne ndani ya gari Ijumaa usiku.